Mkaa unauzwa kwa buku, gesi inauzwa kwa hotuba



Juzi mdogo wangu mmoja, kamanda mwenzetu anayesoma chuo hapa Mbeya, alinitumia insha yake ya moduli ya uendelevu nimsaidie kuipitia. Swali lenyewe: kwa nini watu wanaosema wanapenda bidhaa zinazotunza mazingira hawazinunui wakifika dukani? Kachukua mfano wa gesi ya kupikia, kazunguka mitaa ya kwetu Mbalizi kuuliza watu. Karibu kila aliyemuuliza kamjibu gesi ni bora, mkaa unamaliza misitu, moshi unaua. Halafu wengi wa hao hao jioni wako kwa muuza mkaa na ndoo zao.

Sasa hitimisho lake ndilo lililonikera mpaka nikaamua kuandika hapa. Eti tatizo ni "mtazamo wa wananchi", na dawa ni "elimu zaidi kwa umma". Nikamwambia, mwanangu, hapo umeandika hotuba ya mkuu wa wilaya, siyo insha. Watu wamekuambia kwa midomo yao kwamba gesi ni nzuri. Elimu ipi tena unataka kuwapa?

Tuambiane ukweli. Hilo pengo kati ya maneno na manunuzi halikugunduliwa Mbalizi. Mwaka 2000 kule Uingereza waliofanya utafiti juu ya wanunuzi wenye maadili walikuta karibu theluthi moja ya watu wanasema wanajali, lakini bidhaa za namna hiyo zina kama asilimia 3 tu ya soko. Wasomi wakaliita jambo hilo thelathini kwa tatu. Na mwanasaikolojia Icek Ajzen alishaeleza mwaka 1991 kwamba kupenda kitu ni sehemu moja tu. Yapo mambo mengine mawili: unavyoona watu wanaokuzunguka wanakutarajia ufanye nini, na wewe mwenyewe unaona jambo hilo liko ndani ya uwezo wako kulifanya au la. Wahubiri wetu wa nishati safi wameshika lile la kwanza, wakalipigia ngoma, na hili la mwisho wameliacha kabisa. Ndilo nitakalokaa nalo leo.

Turudi sokoni. Angalia kila kitu anachonunua mtu wa kipato cha siku hapa kwetu. Mafuta ya kula ni ya kupima. Sukari robo. Sabuni ya unga ya pakiti ndogo. Vocha ya jero. Hata umeme wa LUKU, shirika la serikali kabisa, unanunua wa buku mbili ukitaka. Mtaa mzima umejengwa juu ya kupima kidogo kidogo, kwa sababu hela yenyewe inaingia kidogo kidogo. Dereva bodaboda akishatoa hesabu ya bosi jioni, kinachobaki mfukoni ndicho kinanunua unga, mboga na moto wa kuvipikia. Katika orodha hiyo yote, gesi ni kama mgeni: inakutaka na elfu ishirini na kitu kwa mpigo mmoja.

Nilimkalisha dogo tukapiga hesabu. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo wewe weka za mtaani kwako, ila njia ni hii. Chukua kaya ya watu watano inayotumia kilo 2 za mkaa kwa siku kwenye jiko la kawaida la bati. Tuseme kilo moja, ambayo ni kama sado moja, inauzwa buku. Hapo ni elfu mbili kwa siku, elfu 60 kwa mwezi.

Upande wa gesi, tuseme mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa elfu 24, yaani elfu nne kwa kilo. Ghali, si ndio? Subiri. Jiko la bati linapoteza joto jingi sana. Katika kila sehemu tano za joto la mkaa, ni kama moja tu inayoingia kwenye sufuria, nyingine zinapasha hewa na ukuta. Jiko la gesi linaingiza zaidi ya nusu. Halafu kilo ya gesi yenyewe ina nguvu kuliko kilo ya mkaa. Ukivijumlisha, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo 4 hivi za mkaa. Kwa hiyo kaya ile inahitaji nusu kilo ya gesi kwa siku, kilo 15 kwa mwezi, mitungi miwili na nusu. Elfu 60.

Umeona? Sawa kwa sawa! Yule mama anayenunua mkaa hapotezi hela kwa ujinga, na wala hapati nafuu ya ajabu. Kwa mwezi mzima ni kitu kile kile. Tofauti ni kwamba mkaa unamwomba elfu mbili kila jioni, na gesi inamwomba elfu 24 kila baada ya siku kumi na mbili. Ili ailipe inabidi aweke akiba ya elfu mbili kwa siku kumi na mbili, asiguse hata mtoto akiumwa, hata ada ya mtihani ikidaiwa, hata yule wa kausha damu akija kugonga mlango. Nani katika mtaa wetu ana sanduku la namna hiyo? Anaipenda gesi kweli, hakudanganya kwenye dodoso. Siku mtungi unapokata mfukoni ana elfu tatu, na elfu tatu inanunua mkaa.

Dogo akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo ruzuku ya serikali haisaidii?" Swali zuri. Tuangalie ruzuku imewekwa wapi.

Mnakumbuka mlolongo. Novemba 2022 ulifanyika mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia Dar es Salaam. Zikatoka amri kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa miaka kumi, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huo huo Rais Samia akawa mmoja wa wenyeviti wa mkutano mkubwa wa Paris ambako zilitangazwa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Huku chini REA wakawa wanauza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya hadi nusu ya bei, na wanasiasa nao wakawa wanagawa mitungi kwa mama lishe, picha zinapigwa, vigelegele.

Sikatai mtungi. Mtungi wa kwanza na jiko lake ni kikwazo kweli, na kumpunguzia mtu hapo ni jambo jema. Ila mtungi unanunuliwa mara moja, gesi inanunuliwa maisha yote. Ruzuku imekaa kwenye chuma, haijakaa kwenye kinachounguzwa. Ukigawa mtungi uliojaa, umempa kaya ile siku kumi na mbili za kupika. Siku ya kumi na tatu mpiga picha ameshaondoka.

India walipita njia hii kabla yetu, kwa ukubwa ambao sisi hatuwezi hata kuufikiria. Mei 2016 serikali ya Modi ilianzisha mpango wa Ujjwala wa kuunganishia kaya maskini gesi bila malipo ya awali, kwa jina la mama wa nyumba. Kufika Septemba 2019 walikuwa wametimiza kaya milioni 80. Ukipima kwa mitungi, ni ushindi wa kihistoria. Mwaka huo huo mkaguzi mkuu wa hesabu wa India akafungua vitabu na kuhesabu mitungi inajazwa mara ngapi. Akakuta wanufaika wanajaza kwa wastani wa zaidi kidogo ya mara tatu kwa mwaka. Mtungi wao ni wa kilo 14.2, na ukipika gesi tupu hukai nao miezi minne. Maana yake jiko la kuni lilikuwa bado linawaka kila siku, na gesi inatolewa wageni wakija. Wahindi walishtuka mapema kidogo, wakaanza kuruhusu watu wachukue mtungi mdogo wa kilo 5 ili gharama ya kujaza ipungue kwa mkupuo.

Kwa hiyo ukisikia kiongozi anajisifu tumegawa mitungi kadhaa, muulize swali moja tu: imejazwa mara ngapi? Muuzaji anajua, kampuni inajua. Kaya inayojaza kilo 6 mara mbili au tatu kwa mwezi imehamia kweli. Inayojaza mara moja kwa miezi miwili inachemshia chai, basi. Mimi kipimo hicho nimekitafuta kwenye hotuba zao bila mafanikio. Na niseme ukweli, hata sisi upinzani hatukiulizi. Tunabaki kucheka mitungi yenye picha za wagombea, tunatengeneza vichekesho, tunalala.

Nije kwenye maketing yenyewe, maana moduli ya dogo ndiyo inahusu hilo. Angalia matangazo: msitu, mti, mtoto, "okoa mazingira". Ni kweli misitu inaisha, serikali yenyewe inasema tunapoteza karibu hekta 470,000 kwa mwaka, na ukikaa barabara ya Mbalizi kwenda Mkwajuni utaona magunia yanavyoshuka. Ila faida ya kuokoa msitu ni ya wote, inakuja baadaye, na iko mbali. Gharama ni yangu, leo, mfukoni. Mtu hanunui hivyo.

Kampuni ya Filipsi ilijifunza hili kwa hasara. Mwaka 1994 waliingiza sokoni Marekani balbu ya kubana umeme wakaiita kwa jina lenye maana ya mwanga wa dunia. Ilikuwa ghali, kubwa, haikai vizuri kwenye taa za kawaida, na jina linazungumzia sayari. Ikasuasua. Mwaka 2000 wakaiumba upya ifanane na balbu za kawaida, wakaipa jina la Marathoni, na ujumbe ukawa kwamba inadumu miaka na inakupunguzia bili. Mauzo yakapanda asilimia 12 kwenye soko lililokuwa limelala. Walipoacha kumuuzia mtu dunia wakamuuzia bili yake mwenyewe, akaelewa.

Muulize mama yeyote hapa mtaani anayetumia gesi anaipendea nini. Hatakutajia msitu. Atakuambia asubuhi chai ya watoto inaiva bila kupuliza moto, sufuria haziingii masizi, na mvua ikinyesha huhangaiki na mkaa uliolowa. Hizo ndizo hoja za kuuza gesi.

Na muuza mkaa anauzaje? Huyu mimi ninamheshimu, ndiye mtu wa masoko bora kuliko wote waliokwenda Paris. Yuko hatua thelathini kutoka mlangoni kwako. Anafungua alfajiri mpaka usiku. Anapima kwa buku, kwa jero, hata kwa fungu. Anakukopesha mpaka kesho. Na bidhaa yake unaiona kwa macho: ndoo imejaa au haijajaa, mkaa ni wa kokoto au ni chenga. Gesi huioni. Unabeba mtungi nyumbani ukiwa na imani tu.

Hili la imani ni kubwa kuliko linavyosemwa. Kila kijiwe kuna mtu atakuambia mtungi wake uliisha ndani ya wiki, "wamenipunja". Mara nyingine amepunjwa, mara nyingine mpira unavuja, mara nyingine alipika makande. Hajui, kwa sababu hakupima. EWURA wameshaagiza mara nyingi kwamba muuza gesi awe na mizani, ila wewe zunguka maduka uhesabu mangapi wanayo juu ya meza na siyo stoo. Njia ni rahisi: kwenye shingo ya mtungi au kwenye kola yake kumechorwa uzito wa mtungi mtupu. Pima mtungi uliojaa, toa namba hiyo, ibaki 6. Ikibaki 5 na nusu, umeuziwa pungufu la elfu mbili. Chuma kikiwa na kutu mpaka namba haisomeki, usichukue, omba mwingine. Nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, unapikia hewa.

Sasa yupo aliyejaribu kuuza gesi kama muuza mkaa, na jambo hili lilianzia Tanzania hii hii. KopaGas walifunga mita kwenye mtungi. Kampuni inabaki na mtungi, wewe unalipa kwa simu kiasi ulichonacho, valvu inafunguka, ukimaliza hela yako inafunga. Mita inawapa taarifa gesi ikikaribia kuisha, wanaleta mtungi mwingine kabla hujakwama. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas kwa dola milioni 25, na leo jijini Nairobi watu wanaijua kama M-Gas, wanalipa kwa M-Pesa. Angalia kilichotokea hapo: bei kwa kilo haikuwa siri yoyote ya ajabu, kilichobadilika ni kipimo. Ile elfu mbili ya jioni ikawa na mahali pa kwenda zaidi ya kwa muuza mkaa.

Kwa nini huku kwetu siioni? Kwa sababu mita ni hela, na kuleta mitungi nyumba kwa nyumba kunalipa pale tu wateja wamebanana sehemu moja. Dar na Nairobi wamebanana. Kampuni binafsi haitakimbilia Mbalizi yenyewe. Hapo ndipo ruzuku ingekuwa na kazi ya maana: badala ya nusu bei ya chuma, ichangie mita na usambazaji kwenye miji midogo kama hii, kwa masharti ya kuhesabu gesi iliyouzwa. Hiyo ni sera. Ila haina picha nzuri, huwezi kusimama na mita ukapigiwa vigelegele.

Limebaki la maharage, maana msomaji wa Nyanda za Juu Kusini ameshaanza kuniuliza. Kwa mwinuko wetu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, maharage yanachukua muda kuliko Pwani, na Juni na Julai jiko la mkaa ndilo linapasha nyumba. (Hilo la kupasha nyumba madirisha yamefungwa, wandugu, linaua. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu. Usilale nalo ndani.) Ndiyo maana kaya nyingi zenye gesi bado zina jiko la mkaa nyuma ya mlango: chai na mayai kwenye gesi, maharage na kande kwenye mkaa. Huo siyo unafiki wa mtazamo. Ni mgawanyo wa kazi.

Kwa maharage, chombo chenyewe ni jiko la presha la umeme. Nusu kilo ya maharage inakula chini ya nusu uniti. Ukiwa kwenye bei ya matumizi madogo, ile ya shilingi 100 kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi hamsini. Hata ukiwa kwenye bei ya kawaida ya kama 350, haifiki mia mbili. Mkaa wa maharage hayo hayo ni buku. Hapa kweli kuna kitu watu hawakijui, wengi wanaamini umeme wa kupikia ni wa matajiri, na elimu ina kazi. Ila nao wana sababu. Ile bei ya shilingi 100 inaishia uniti 75 kwa mwezi. Ukiamua kupika kila kitu kwa umeme unavuka, na zile za juu unalipa mara tatu na zaidi, na ukizoea kuvuka unahamishwa daraja kabisa. Yaani serikali inakuambia upike kwa nishati safi kwa mdomo mmoja, na kwa LUKU inakuadhibu ukifanya hivyo. Ongeza kukatika kwa umeme, ongeza kwamba jiko lenyewe ni zaidi ya laki kwa mkupuo, halafu urudi kumlaumu mama kwa mtazamo wake.

Na mkaa nao unailisha serikali hiyo hiyo. TFS inatoa vibali na kukusanya tozo, halmashauri nayo inachukua ushuru wake njiani. Sisemi tozo zifutwe kesho. Nasema tuulize zinakwenda wapi, na kama hata senti moja inarudi kwenye mita au mizani za gesi kwenye mji ambao gunia limepitia.

Dogo amechukua insha yake kuiandika upya. Sura ya dodoso ameibakiza, ila ameongeza jedwali. Anarudi kwa wale wale aliowauliza, safari hii haulizi kama wanapenda gesi. Anauliza mtungi wa mwisho ulijazwa tarehe ngapi, na siku ulipokata mfukoni kulikuwa na shilingi ngapi. Tumekubaliana akimaliza atuletee hapa tuyasome. Na wewe uliyeko Iringa, Tunduma au Makambako, kabla hujatoa maoni yako hapo chini, nenda duka la gesi la mtaani kwako ukaulize mizani iko wapi.